Faili la vTPM likiwa kando ya diski, umefunga nini?

Kwa mara nyingine nimeletewa hoja ileile na kijana anayetunza seva za ofisi moja hapa Dodoma: "Kaka, mashine zetu pepe zina uwashaji salama, zina vTPM, na diski zimesimbwa kwa LUKS. Hata mtu aibe seva nzima, hatoki na kitu." Angesema aibe diski ya mashine pepe peke yake, tusingebishana.

Chipu halisi ya TPM, inayotunza funguo za siri, hukaa kwenye ubao wa kompyuta wenyewe. Ile ya mashine pepe, yaani vTPM, kwa wanaotumia KVM na libvirt kuendesha mashine hizo, ni programu iitwayo swtpm, na siri zake zote hukaa katika faili la kawaida juu ya seva mwenyeji:

```
/var/lib/libvirt/swtpm/<UUID>/tpm2/tpm2-00.permall
```

Mwizi akinakili diski ya qcow2 tu, mashine itamwomba nenosiri la LUKS, naye atakwama. Akinakili pia faili hilo, faili la NVRAM lenye mipangilio ya uwashaji, na maelezo ya XML yenye UUID ileile, mashine itawaka kwake bila kuuliza chochote, kwa kuwa vTPM ndiyo inayotoa ufunguo wa diski. Rejista ya PCR 7 ya TPM, ambayo wengi huufungia ufunguo wa diski, hupima hali ya uwashaji salama na vyeti vyake. Vyeti hivyo vimo ndani ya NVRAM aliyoichukua, kwa hiyo kipimo hakibadiliki.

Hapo huambiwa kwamba bado kuna nenosiri la kuingilia. Lakini kwa usambazaji mwingi wa Linux, uwashaji salama hukagua saini ya kianzishi na ya kerneli, si ya initramfs, ule mfumo mdogo wa awali unaofungua diski, ambao huwa wazi ndani ya /boot. Mwizi atauhariri, vTPM itatoa ufunguo kama kawaida, na diski itasomeka.

Dawa ipo, nayo ni kulisimba faili la vTPM kwa mistari michache katika XML ya mashine:

```
<tpm model='tpm-crb'>
  <backend type='emulator' version='2.0'>
    <encryption secret='UUID-ya-siri'/>
  </backend>
</tpm>
```

Tatizo ni mahali siri hiyo ya kulifungua faili inapokaa. Ikihifadhiwa kwa kudumu, libvirt huiweka /etc/libvirt/secrets, yaani kwenye seva ileile inayoibwa, na hapo tumezunguka mbuyu. Ikiwekwa ephemeral='yes', hubaki kwenye kumbukumbu pekee, ila umeme ukikatika usiku na betri zikaisha, lazima mtu aitangaze upya kwa virsh secret-define, kisha aiingize kwa virsh secret-set-value, kabla mashine haijawaka. Mimi huchagua njia hii ya pili kwa mashine zenye taarifa nyeti, ingawa sina hakika kwamba inafaa ofisi yenye fundi mmoja.

Ama kuzificha taarifa zisionwe na msimamizi wa seva mwenyeji mwenyewe, hata hilo halitoshi: `virsh dump --memory-only` humpa kumbukumbu yote ya mashine, pamoja na ufunguo wa LUKS unaotumika. Kwa hilo inahitajika prosesa inayosimba kumbukumbu, kama zenye AMD SEV-SNP au Intel TDX, na seva ya kijana huyu haina.