Msingi mpana hautakuokoa kwenye udongo wa mbuga

Wiki hii nimeletewa tena mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kiko pembezoni mwa Dodoma, udongo mweusi mtupu, ndio huo wa mbuga. Kwenye kona ya karatasi kuna maelezo yale yale: "Udongo ni laini, kitako cha msingi kiwe na upana wa sentimita 90, nondo ziongezwe." Hapana, jamani. Nimelisema hili kwa mdomo mara nyingi kiasi kwamba sasa naliandika.

Udongo wa mbuga wakati wa kiangazi si laini. Chukua sururu mwezi wa Oktoba uujaribu, utarudi na mikono inayouma. Tatizo lake ni kwamba ukinyonya maji unavimba, na ukikauka unasinyaa. Nyumba ya kawaida haiudidimizi udongo huu. Udongo ndio unaoiinua nyumba, tena unainyanyua upande mmoja kuliko mwingine, na ukuta wa tofali hauvumilii hilo.

Tupige hesabu. Ukuta wa tofali za inchi 6 wenye kimo cha mita 3, pamoja na plasta, paa la bati na ukuta wa msingi wenyewe, unaleta mzigo wa kama tani 2 kwa kila mita ya urefu. Ukiuweka juu ya kitako cha sentimita 60, udongo unapata tani 3 na kitu kwa mita ya mraba. Ukipanua kitako hadi sentimita 90, zinabaki tani 2 na kidogo. Udongo mweusi uliokauka sawasawa ukilowa unaweza kusukuma juu kwa tani 20 kwa mita ya mraba, na kuna unaozidi hapo. Kwa hiyo kwa kupanua kitako umepunguza ule uzito mdogo uliokuwa unaukandamiza udongo, na papo hapo umeupa eneo kubwa zaidi la kusukuma. Upana ni dawa ya udongo unaodidimia, na huu haudidimii. Nondo za ziada ndani ya kitako chembamba chenye unene wa sentimita 20 nazo hazisaidii sana, maana kinachozuia kupinda ni kimo cha bimu, siyo wingi wa chuma kilicholala chini.

Kuna ushauri mwingine unaonikera kuliko huo: chimba mtaro, jaza mchanga au mawe, kisha jenga juu yake. Mchanga unapitisha maji, udongo wa mbuga haupitishi. Mvua ya Desemba ikianza, maji yote ya paa na ya uwanja yanaingia kwenye mtaro huo na kutulia humo kama kwenye beseni, mita moja chini ya ardhi, pale hasa ambapo udongo ulikuwa bado mkavu na wenye kiu. Ukiamua kubadilisha udongo, jaza moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15, ikiwa na unyevu wa kutosha, na ifike angalau mita moja nje ya ukuta pande zote.

Kabla ya kuchagua chochote, chimba shimo la mita 3, mwisho wa kiangazi, siyo baada ya mvua. Angalia nyufa za ardhi zinashuka hadi wapi. Chukua udongo, ukaushe, uutwange, uuchekeche kwa chekecheo laini, kisha mimina mililita 10 ndani ya silinda yenye maji ya mililita 100 na uache hadi kesho yake. Ukikuta umesimama kwenye 20 au zaidi, yaani umeongezeka kwa asilimia 100, una udongo hatari kwa nyumba nyepesi. Ukiwa chini ya 15, mara chache utakusumbua. Maabara watakupimia na mengine, lakini kipimo hiki peke yake kinatosha kumzuia mtu asitupe hela yake.

Turudi kwenye kiwanja hiki. Shimo lilionyesha udongo mweusi hadi mita 1.8, nyufa zikishuka karibu mita moja na nusu, halafu tabaka jeupe lenye vijiwe vya chokaa, na kutoka mita 2.6 mwamba wa graniti uliooza, mgumu, mkavu. Silinda ilisoma 21. Nyumba ni mita 9 kwa 11.

Kuondoa udongo wote, pamoja na ile mita moja ya nje, ni kuchimba mita za ujazo zaidi ya 250. Udongo ukichimbwa unatutumka, kwa hiyo hizo ni safari karibu 50 za lori la mita za ujazo 7, na moramu karibu kiasi hicho kuletwa. Udongo ungekuwa na kina cha sentimita 80 ningesema ondoa tusonge mbele. Hapa nimechagua paili, yaani nguzo za zege zinazoshuka ardhini: mashimo ya sentimita 30, kina mita 3.5, kiasi cha 24 chini ya kuta, na zege lake lote halifiki hata mita za ujazo 6. Juu yake zinakaa bimu, na sakafu inabebwa na bimu hizo bila kugusa udongo.

Mambo mawili hapa yanaharibiwa mara kwa mara. La kwanza ni nondo za paili. Fundi anaona paili inabeba mzigo wa kushuka, hivyo anaweka nondo mita moja ya juu tu. Lakini udongo ukivimba unaikamata paili ubavuni na kuivuta juu. Kwa makadirio yangu ya tani 5 kwa mita ya mraba ya ubavu, ile mita 1.8 ya juu inavuta kwa tani 8 na nusu, wakati ukuta unakandamiza kwa tani 5 au 6. Tofauti hiyo inataka kuikata paili katikati. Nondo nne za milimita 12 zishuke hadi chini kabisa, na paili ishikwe na ule mwamba uliooza.

La pili ni nafasi chini ya bimu. Acha sentimita 10 hadi 15 tupu. Tandika mchanga mkavu uwe fomu ya chini, mimina bimu, kisha ufukue mchanga wote na uzibe pembeni kwa vibao vyembamba vya zege ili udongo usirudi ndani. Mchanga ukiachwa, bimu inasukumwa moja kwa moja, na paili zote zile ni kazi bure.

Mahali ambapo mwamba hauonekani hata kwa mita 5, huwa nachagua rafti yenye mbavu, yaani bamba moja la zege chini ya nyumba nzima, bimu za kimo cha sentimita 60 zikikatizana chini ya sakafu, nondo juu na chini, ili nyumba ipande na kushuka yote pamoja. Hapo sina uhakika kama ule ninaoupata kwenye paili. Vitabu vinakupa kina cha udongo unaobadilika kwa misimu kana kwamba kimepimwa na rula. Mimi nakikisia kwa nyufa na mizizi, na nikishaezeka, unyevu chini ya nyumba unabadilika kwa miaka kadhaa kwa namna ambayo lile shimo la Oktoba halikunionyesha.

Na wale wenye viwanja ambako maji yako nusu mita chini mwaka mzima, msichukue ushauri huu mzima mzima. Mfinyanzi usiokauka kamwe hauna cha kuvimbia. Huko kweli udongo ni laini, na upana wa kitako au rafti ya kina kifupi una maana. Mashimo ya paili yatajaa maji na kubomoka kabla hujaleta zege. Ila uliza majirani kama visima vyao hukauka Oktoba. Vikikauka, uko kwenye tatizo lile lile la Dodoma.

Kwa aliyekwisha kujenga: angalia mlango. Ukikwama wakati wa mvua na kulegea kiangazi, na nyufa zikifunguka na kufunga kwa msimu, ni udongo unaovimba. Usizibe nyufa kwanza. Tafuta bomba linalovuja, peleka maji ya paa mbali na ukuta, hamisha shimo la maji machafu kama liko karibu na msingi, na umwage zege la pembeni lenye upana wa mita moja na nusu, likiinamia nje. Acha misimu miwili ipite, ndipo umwite fundi wa plasta.