Memori kadi iliyorudishwa: dhana potofu za wauza duka wa Kariakoo na ukweli wake

Maneno haya ni kwa vijana wanaouza vifaa vya simu, wale wa Mtaa wa Aggrey, Likoma na vichochoro vinavyouzunguka, ambao kila siku wanasimama kati ya tajiri mwenye mzigo na mteja mwenye hela yake. Nimechagua kifaa kimoja tu, memori kadi, kwa sababu ni kidogo, kinauzwa sana, na ndicho kinacholeta ugomvi mwingi kaunta. Mwenye kujua kumhudumia mtu wa memori kadi tangu salamu hadi malalamiko, chaja na powabanki hazitamshinda.

"Ukimshika mkono na kumwita bosi, ananunua"

Wengi wanaamini kwamba mteja wa Kariakoo ni wa anayemwahi. Kwa hiyo anavutwa mkono, anaitwa "bosi", "mrembo", "sista", na kabla hajasema neno ameshawekewa vitu vitatu mbele yake. Ukweli ni kwamba mtu aliyevutwa anaingia akiwa amejihami. Mkono mmoja umeshika pochi, macho yanatafuta pa kutokea. Bei yoyote utakayomtajia ataona ni ya kumpiga.

Mama wa makamo anaamkiwa: "Shikamoo mama, karibu." Muda wa kuitikia "marahaba" unamtosha kutulia. Wa rika lako mwambie "Habari za leo dada, karibu", na kama ametangulia kukusalimia kwa "Asalaam aleikum", mwitikie kwa ukamilifu. Ukishamkaribisha, nyamaza kidogo. Muuzaji anayejaza kila sekunde kwa maneno hamsikii mteja akisema alichokuja kutafuta.

Akishasema anataka memori kadi, swali la kwanza lisiwe "unayo shilingi ngapi?" Muulize ni ya simu gani na ataiwekea nini. Simu nyingi za sasa hazina kabisa tundu la memori kadi, na nyingine zina kikomo cha ukubwa zinaoukubali. Swali hilo linachukua nusu dakika, na linazuia lalamiko ambalo lingerudi jioni.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi"

Kibao hiki kimebandikwa ukutani kwenye maduka mengi, na wauzaji wanakisoma kama sheria ya nchi, jambo ambalo si kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo fulani kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, ile FCC, inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu ubora, daraja au asili ya kitu. Ukiuza kadi iliyoandikwa GB 128 nayo haibebi hizo GB 128, karatasi ya ukutani haikuokoi.

Kuna mpaka, na ni vizuri kuujua ili usionewe. Mteja aliyechukua kadi nzima, akafika Mbagala, akaona afadhali angenunua ya ukubwa mwingine, huyo amebadili mawazo tu. Kumbadilishia ni hiari ya duka. Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye lalamiko lolote ni kujua lipo upande gani: kitu ni kibovu, au moyo wa mteja umegeuka?

"Si ilikuwa inafanya kazi? Umeiharibu mwenyewe"

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea, na wanakosea kwa nia njema, kwa sababu hoja yao inaonekana ina akili. Mteja alinunua kadi, ikajaribiwa mbele yake, simu ikasoma GB 128, akapiga picha mbili, zikafunguka, akaondoka akitabasamu. Wiki tatu baadaye anarudi amefura. Muuzaji anasema kwa uhakika kwamba kitu kibovu kingegoma siku ileile, kwa hiyo kadi imeingia virusi au mteja ameichomoa vibaya.

Kadi bandia haigomi siku ileile. Imetengenezwa isigome siku ileile. Ndani ya kila memori kadi kuna kijipande kinachoiongoza, na hicho ndicho kinachoiambia simu ukubwa wa kadi. Wanaoghushi wanachukua kadi ya GB 8, wanakibadili hicho kijipande kiseme GB 128, kisha wanachapa nje maandishi ya GB 128. Simu inaamini inachoambiwa. Kila kitu kinakwenda sawa mpaka zile GB 8 za kweli zijae. Baada ya hapo faili linaonekana kwenye orodha, lina jina na ukubwa wake, lakini ukilibonyeza halifunguki. Mara nyingine data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani, na picha za mwanzo nazo zinaharibika.

Tuchukue mama aliyenunua kadi ya namna hiyo ili kurekodi sendofu ya binti yake. Video ya simu ya 1080p inakula karibu MB 130 kwa dakika. Saa moja ya kurekodi ni kama GB 8. Kwa hiyo kuingia kwa bibi harusi kutaonekana vizuri, labda na keki. Nasaha za mashangazi na zawadi za wazazi, zilizokuja baada ya saa ile, hazipo. Anarudi dukani na kadi mkononi na uchungu ambao si wa shilingi elfu ishirini na tano.

Mwamkie kwanza, hata kama yeye ameanza kwa kufoka: "Shikamoo mama. Pole sana. Njoo huku ukae, unieleze." Msogeze pembeni, si kwa kumficha, bali kwa sababu mtu anayelalamika mlangoni mbele ya watu hawezi tena kushusha sauti bila kuona amedhalilika. Mwache amalize. Kisha mrudishie maneno yake: "Kwa hiyo mwanzo wa video unacheza, mwisho haufunguki. Nimekusikia sawasawa?" Akijibu ndiyo, umeshapata nusu ya uchunguzi, kwa sababu kadi iliyokufa kwa kuharibika kwa kawaida haisomeki kabisa au simu inaomba ifomatiwe. Inayofunguka mwanzo na kugoma kuanzia mahali fulani na kuendelea ina dalili ya ughushi.

Usiifomati. Kuna vijana wanaofomati kadi papo hapo ili kuonyesha kwamba "imepona", na hivyo wanafuta hata ile saa moja iliyosalimika. Nakili kwanza kwenye kompyuta vinavyofunguka, umkabidhi mwenyewe kwenye simu yake au kadi nyingine. Ndipo upime.

Kupima kwa kweli ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena. Programu ya bure iitwayo H2testw, ya kompyuta za Windows, inafanya kazi hiyo: inaandika mafaili mpaka kadi ijae, kisha inayasoma moja moja. Kadi nzima inatoa ujumbe "Test finished without errors". Mbovu inatoa "The media is likely to be defective", na inaonyesha ni kiasi gani kilisomeka salama. Kikomo chake ni muda. Kadi ya GB 128 inayoandika kwa MB 20 kwa sekunde inahitaji karibu saa mbili kujaa, kabla hata ya kusomwa. Hutamkalisha mama kwenye stuli kwa muda huo wote. Mwandikie karatasi yenye jina la duka, tarehe na maelezo ya kadi, mpe saa ya kurudi au umpigie simu.

Matokeo yakitoka mabaya, mrudishie hela au kadi nyingine iliyopimwa, kwa chaguo lake. Kuhusu video, sema ukweli hata kama unauma: kilichorekodiwa baada ya GB 8 hakikuwahi kuandikwa popote, na hakuna fundi atakayekirudisha. Kumpeleka kwa fundi wa ghorofa ya pili akalipe tena ni kumuumiza mara ya pili, na mimi naona hilo ni baya kuliko kuuza kadi yenyewe bila kujua.

Kisha geukia rafu. Kadi zilizokuja na boksi lile zote ziondolewe mpaka zipimwe, na tajiri aambiwe siku hiyohiyo ili amrudie aliyemuuzia. Hilo linawezekana tu kama mlitia alama. Kibandiko kidogo chenye mwezi na jina la mzigo nyuma ya pakiti kinatosha. Na kila mzigo mpya ukiingia, pima kadi moja au mbili usiku kabla hujauza ya kwanza.

"Anayelalamika bila kosa letu ni mkorofi"

Kijana anarudi akisema ameibiwa: kadi ya GB 128, kompyuta yake inaonyesha 119. Huyu hajaibiwa, wala si mkorofi. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu, na tofauti ni hizo GB 9. Mweleze, umwonyeshe kadi nyingine ya kampuni nyingine kwenye kompyuta ileile. Itaonyesha hivyohivyo.

"Bila kusema OG huuzi, na bila cha juu huli"

Mteja anauliza "hii OG?" na jibu linatoka kabla ya fikra: "OG kabisa!" Kama hujui, neno hilo ni uongo hata ikitokea kadi ni nzima. Sema unachokijua: "Mzigo huu tumeupima, kadi tuliyoijaribu ilijaa yote na ikasomeka. Ikigoma ndani ya mwezi, rudi na risiti." Na risiti ya EFD iandikwe "memori kadi GB 128", isiandikwe "vifaa" tu, kwa sababu siku ya lalamiko ndiyo itakayomlinda yeye na kukulinda wewe. Kwa simu kuna kipimo rahisi zaidi: piga *#06# mbele ya mteja, tuma namba ya IMEI kwenda 15090, msome jibu pamoja. Utaratibu huo ulizoeleka tangu TCRA ilipozima simu bandia Juni 2016.

Cha juu ni jambo gumu, najua, kwa sababu mishahara ya dukani ni midogo na tajiri mwenyewe anajua. Lakini angalia kinachotokea kwenye lalamiko. Tajiri alisema kadi iuzwe 25,000, wewe ukauza 35,000, risiti ikaandikwa 25,000. Mama anaporudi anadai 35,000 na duka linajua 25,000. Hapo ndipo muuzaji anapoanza kukana kwamba kadi ni yao, hata kama anaona wazi ni mbovu, maana akikubali, ile 10,000 inajulikana. Zungumza na tajiri mapema mambo mawili: bei ya chini unayoruhusiwa kushuka, na kamisheni kwa kila kitu kilichouzwa kisirudi. Mwombe pia akutajie kiasi unachoweza kumrudishia mteja bila kumpigia simu yeye kwanza, ili mama wa sendofu asisubiri mpaka tajiri arudi safari ya Guangzhou.