Umerifreshi pivoti na jumla bado haibadiliki? Angalia renji kwanza

Mwezi huu tumerudisha ripoti nyingi za vyama vya maziwa kwa kosa lilelile, jumla ya kwenye pivoti haifanani na daftari la mapokezi. Wengi wanatupigia wanasema Excel imeharibika. Jamani haijaharibika.

Tuchukue faili moja. Shiti ya Mapokezi ilikuwa na mistari 180 ya Januari na Februari, data inaishia mstari wa 181 maana wa kwanza ni vichwa. Karani akaongeza mistari 42 ya Machi hapo chini, ikafika 223, akabonyeza Refresh, akatuma. Pivoti ikasema lita 3,920 wakati daftari lina 4,860, na kituo kipya kilichofunguliwa Machi hakionekani kabisa. Hiyo ndiyo dalili, ukiona kitu kipya hakitokei ujue tatizo ni renji.

Pivoti haisomi shiti moja kwa moja, inasoma nakala iliyotunza. Refresh inaichukua upya nakala hiyo lakini kutoka renji ileile uliyoipa mwanzo, haiongezi hata mstari mmoja. Ndo maana ukisahihisha lita za Februari ukarifreshi zinabadilika vizuri, halafu Machi haiji, watu wanachanganyikiwa hapo.

Bonyeza ndani ya pivoti, nenda PivotTable Analyze, kisha Change Data Source. Utakuta hivi:

```
Mapokezi!$A$1:$D$181
```

Badilisha 181 iwe 223, OK. Kama una pivoti mbili kwenye faili, ya vituo na ya wanachama, hakikisha na ya pili, usidhani imejirekebisha yenyewe.

Na tafadhali msichague kolamu nzima A mpaka D ili kukwepa kazi, inaleta (blank) kwenye ripoti. Dawa ni kusimama ndani ya data, Ctrl+T, kubali kwamba ina vichwa, kwenye Table Name uandike MapokeziYote, halafu hilo jina ndo uliweke kwenye Change Data Source. Ukiandika mstari mpya chini kabisa bila kuacha nafasi, tebo inajiongeza. Ila Refresh bado utabonyeza, Alt+F5, au Ctrl+Alt+F5 kwa pivoti zote, tebo haikuondolei hiyo.

Kabla ya kutuma weka hii pembeni, nje ya kolamu D, uilinganishe na Grand Total:

```
=SUM(Mapokezi!D:D)
```

Zikitofautiana usitume. Ripoti ikirudishwa tunahesabu tarehe ya ile iliyosahihishwa, sio ya mwanzo, hata kama uliwahi, na mwenyekiti anasaini upya kila ukurasa uliobadilika. Kutuandikia kwamba "nilirifreshi" hakubadilishi tarehe, tunachoangalia ni zile namba mbili.