Kwa nini ankara inakosea senti moja au mbili?

*Steshenari yetu ipo karibu na UDOM. Tumemtolea mteja kopi kwa mafungu matatu, bei 84.75 kwa ukurasa bila VAT. Programu inasema VAT ni 137.29, kalkuleta inasema 137.30, na mhasibu wa mteja akipiga mstari kwa mstari anapata 137.31. Nani kakosea?*

Kalkuleta na mhasibu wote wako sahihi, wanatofautiana utaratibu tu. Aliyekosea ni programu, na kosa lake halitokani na uzembe wa mtu wa kaunta. Linatokana na jinsi kompyuta inavyoitunza 0.18.

Tuyatazame mafungu yenyewe. La kwanza ni ukurasa 1, la pili kurasa 3, la tatu kurasa 5. Kabla ya kodi yanakuwa 84.75, 254.25 na 423.75, jumla 762.75. Asilimia 18 ya kila moja, kwa karatasi na kalamu, ni 15.255, 45.765 na 76.275. Zote tatu zimeangukia katikati kabisa ya senti mbili, ndiyo maana mfano huu unafichua tatizo ambalo ankara nyingine hulificha kwa miezi. Kwa kanuni tuliyofundishwa shuleni, tano inapanda juu: 15.26, 45.77 na 76.28. Ukizijumlisha unapata 137.31 ya mhasibu. Ukipiga kodi mara moja tu juu ya jumla, 762.75 mara asilimia 18 ni 137.295, nayo inapanda kuwa 137.30 ya kalkuleta. Hapo hakuna aliyeiba wala aliyeibiwa. Ni suala la kukubaliana kama mnakadiria kila mstari au mnakadiria jumla, kisha ankara zote zifuate njia hiyo hiyo.

Sasa programu. Nyingi za ankara zinazoendeshwa kwenye kivinjari hufanya hivi:

```js
(84.75 * 0.18).toFixed(2)   // "15.25"
(254.25 * 0.18).toFixed(2)  // "45.77"
(423.75 * 0.18).toFixed(2)  // "76.27"
```

Mstari wa kati umepanda, wa kwanza na wa mwisho vimeshuka. Jumla ni 137.29. Ukiondoa `toFixed(2)`, inayokadiria hadi nafasi mbili, kwenye mstari wa tatu utamwona mchawi: kompyuta inaonyesha 76.27499999999999 badala ya 76.275. Ikikadiria kutoka hapo, lazima ishuke.

Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1 pekee. Upande wa kulia wa nukta ina nusu, robo, thumuni, moja ya kumi na sita, na kuendelea hivyo. Bei ya 84.75 inaingia bila shida, kwa sababu ni 84 na nusu na robo. Lakini 0.18 haijengeki kwa vipande hivyo hata ukivipanga hadi kesho, kama vile theluthi moja isivyoandikika kwa desimali: 0.333 bila mwisho. Kwa kawaida namba hizi hufuata kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985, inayotoa nafasi ya biti 53 za tarakimu, basi nafasi inapoisha kompyuta huchukua namba iliyo karibu zaidi inayotoshea. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni takriban 0.17999999999999999334.

Upungufu huo ni mdogo mno, na kwenye bei nyingi haufanyi lolote. Unauma pale tu jibu linapokaa kwenye ukingo wa nusu senti, maana hapo hata chembe inatosha kulisukuma upande mwingine. Na kwa kuwa jibu la kuzidisha nalo hukadiriwa ili litoshe kwenye nafasi ile ile, mara linaangukia chini ya ukingo, mara juu yake. Ndiyo maana kurasa 3 zimetoka sawa na kurasa 5 zimekosea. Mtu anayetafuta kasoro kwa kujaribu ankara mojamoja anaweza kuapa kwamba programu ni nzima.

Bei za aina hii si adimu. Shilingi 100 ya kaunta ukiitoa VAT, yaani kuigawa kwa 1.18, unapata 84.7458, na watu huiandika 84.75. Hapo tayari mmeongeza kisenti kabla kompyuta haijagusa kitu, kwani 84.75 na kodi yake ni 100.005. Hilo ni kosa jingine, msilitupie programu.

Dawa ni kuacha kuhesabu fedha kwa namba za nukta inayoelea, yaani hizi zinazojengwa kwa nusu na robo. Njia ninayoipendelea ni kutunza kila kiasi kama senti nzima: 84.75 inakuwa 8475. Kodi inapigwa hivi, kwa Python:

```python
def vat(senti):
    return (senti * 18 + 50) // 100
```

Ile 50 ndiyo inayopandisha nusu. Chukua mstari wa tatu: 42375 mara 18 ni 762750, ongeza 50 unapata 762800, gawa kwa 100 bila kubakiza desimali: 7628, yaani 76.28. Nukta inarudishwa wakati wa kuchapisha tu. Angalizo moja: mzigo ukirudishwa na kiasi kikawa hasi, ile 50 inaivuta nusu kuelekea sifuri, hivyo -8475 itatoa -1525 wakati mauzo yalitoa 1526. Piga hesabu kwa namba chanya, kisha weka alama ya kutoa.

Anayetaka kubaki na desimali atumie aina iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: `DECIMAL(18,2)` kwenye hifadhidata badala ya `FLOAT` au `DOUBLE`, na `Decimal` kwenye Python. Hapa wengi hujikwaa mara mbili. Kwanza, andika `Decimal("0.18")` na alama za nukuu. Ukiandika `Decimal(0.18)` umeingiza ile namba mbovu pamoja na mkia wake wote. Pili, `Decimal` isipoelekezwa huipeleka nusu kwenye tarakimu shufwa, kwa hiyo 45.765 inakuwa 45.76. Taja `ROUND_HALF_UP` waziwazi.

Wanaotoa ankara kwa Excel wana shida yao. Ukipanga seli zionyeshe nafasi mbili, utaona 15.26, 45.77 na 76.28, lakini chini `SUM` inaonyesha 137.30. Seli inaonyesha namba iliyokadiriwa, ila `SUM` inajumlisha zile zilizofichwa nyuma yake. Weka `=ROUND(C2*18%,2)` kwenye kila mstari na jumla itafanana na ile ya mhasibu.

Kwa ankara yenu: ikiwa risiti ya EFD nayo inasoma tofauti, linganisheni kwanza VAT ya kila mstari, msianze na jumla. Mistari ikifanana na jumla ikatofautiana, tofauti ni ya utaratibu: mmoja anakadiria mstari, mwingine anakadiria jumla. Mstari wenyewe ukipishana kwa senti moja, na kodi yake kwa kalamu inaishia na 5 kwenye nafasi ya tatu, mpelekeeni fundi wa programu mstari huo mmoja tu, na mwambieni autazame bila `toFixed`.