Magunia 33 ya kwenye karatasi, 17 ya kwenye tanuri

Mwezi wa nane niliitwa Kiwangwa, Bagamoyo, na mwenye shamba aliyekuwa anafungua eneo jipya la mananasi. Miti ilishaangushwa kwa kibali, mingi yake milama na migunga, na mzee mmoja mchomaji mkaa alikuwa ameshaipanga tayari kwa kufukia. Mwenye shamba alikuwa na karatasi mfukoni, na kwenye karatasi hiyo aliandika kwamba tanuri litatoa magunia 33. Mzee alipoiona hesabu hiyo alitikisa kichwa. "Bwana miti," akaniambia, "hapa yakitoka 20 nitamshukuru Mungu."

Nawaandikia jinsi tulivyofika kwenye jibu, kwa sababu kosa la mwenye shamba ndilo ninalokutana nalo kila mahali, hata kwa watu wenye vyeti.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Alipima rundo kwa nje: urefu mita 5, upana mita 2, kimo cha wastani mita 1.4. Ukizidisha unapata mita za ujazo 14. Alisikia kwamba mita moja ya ujazo ya mti mgumu, ukiukausha kabisa, inabaki na kilo 650. Kipimo hicho kwa miti ile kilikuwa sahihi. Mimi mwenyewe nilikata visahani vya mti nikavipima nikapata karibu na hapo. Basi akazidisha 14 kwa 650, akapata kilo 9,100. Akachukua asilimia 20 iwe mkaa, yaani kilo 1,820, akagawanya kwa gunia la kilo 55. Magunia 33.

Kosa liko kwenye zile mita 14. Rundo la magogo lina hewa ndani yake. Magogo ya pwani yamepinda, yana vifundo na mapanda, na ukiyalaza pamoja yanaacha nafasi ambayo mkono mzima unapita. Nilichuchumaa upande mmoja wa lile rundo nikaona mwanga wa upande wa pili. Hewa hiyo haitoi mkaa.

Njia ya kuaminika ni kupima gogo moja moja kabla ya kufukia. Huhitaji kifaa cha bei. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Unaizungusha katikati ya gogo upate mzingo, kisha unapima urefu, vyote kwa mita:

```
V = C × C × L / 12.57
```

C ni mzingo, L ni urefu, V ni ujazo wa mti mtupu. Gogo lenye mzingo wa 0.63 na urefu wa mita 2 linatoa mita za ujazo 0.063. Tulianza saa moja asubuhi, kijana mmoja akisoma tepu na mimi nikiandika, tukamaliza kabla ya adhuhuri. Jumla ikawa mita za ujazo 8.1. Maana yake, katika rundo lile mti ulikuwa asilimia 58 tu, na kilichobaki kilikuwa hewa. Kwa magogo ya aina hii, kama huna muda wa kupima yote, zidisha ujazo wa rundo kwa 0.55 hadi 0.6 na hutakuwa mbali sana na ukweli. Magogo yakiwa manyoofu na manene, unaweza kupanda kidogo zaidi ya hapo.

Sasa rudia hesabu. Mita 8.1 mara kilo 650 ni kilo 5,265 za mti mkavu. Asilimia 20 yake ni kilo 1,053. Gunia la kilo 55, unapata magunia 19. Mzee alikuwa amelijua hilo kwa macho.

Lakini ile asilimia 20 nayo inahitaji kuulizwa: asilimia 20 ya nini? Magogo yale yalikuwa yamelala wiki tatu tu tangu kukatwa. Visahani nilivyovikausha vilionyesha kwamba kila kilo 100 za mti mkavu zilikuwa zimebeba maji kilo 35. Kwa hiyo siku ya kufukia, mle ndani kulikuwa na maji zaidi ya kilo 1,800. Ukiweka rundo lote kwenye mizani siku hiyo ungepata karibu kilo 7,100. Mtu akichukua asilimia 20 ya uzito huo wa mbichi anajidanganya tena, kwa sababu anahesabu maji kama mkaa. Kila unapoambiwa tanuri la fulani lina asilimia kadhaa, muulize kwanza kama aligawanya kwa uzito mkavu au mbichi.

Na maji hayo hayatoki bure. Kuvukisha kilo moja ya maji kunataka joto la megajuli 2.6 hivi, na kilo moja ya mti mkavu ikiungua yote inatoa megajuli 18 hivi. Piga hesabu: kukausha tanuri lile kungekula angalau kilo 266 za mti, hata kama joto lote lingeingia kwenye maji na lisipotee hata chembe. Tanuri la udongo linapoteza joto kila upande, kwa hiyo gharama halisi ni kubwa kuliko hapo. Magogo yale yangeachwa mpaka maji yashuke kutoka 35 hadi 20, zaidi ya kilo 110 za mti zingeokoka kwenye hesabu hiyo ya chini kabisa. Nilimshauri mwenye shamba asubiri. Akasema miche ya mananasi imeshalipiwa. Nilielewa.

Mzee alifunika kwa nyasi, kisha majani mabichi, kisha udongo. Udongo wa pale ni wa kichanga, na kichanga kina tabia mbaya: nyasi zikishaungua na magogo yakianza kusinyaa, kinatiririka chini kama maji na kuacha tundu. Usiku wa tano kusi ilivuma kwa nguvu. Asubuhi tuliona upande wa kusini umebonyea, upana wa sinia hivi, na moshi wa mahali pale ulikuwa mwembamba wenye ubuluu, wakati kwingineko moshi ulikuwa bado mzito na mweupe. Hiyo ndiyo dalili ya kuishika. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Ukigeuka wa manjano na kuwasha macho, mti unapasuka kuwa mkaa. Ukiwa mwembamba wa buluu, mkaa umeiva, na hewa ikiendelea kuingia hapo sasa unaungua mkaa wenyewe. Buluu ya tanuri zima siku ya mwisho ni habari njema. Buluu ya sehemu moja siku ya tano ni tundu. Mzee aliziba kwa majani ya mgomba na udongo uliolowa, lakini moto ulikuwa umeshakula usiku kucha.

Siku ya tisa tuliziba matundu yote, tukaacha lipoe siku tatu, kisha tukafukua. Yalitoka magunia 17.

Mwenye shamba aliona pungufu ni magunia mawili tu, kutoka 19. Mimi nilining'iniza mizani kwenye tawi, na kila gunia tulilipima. Jepesi lilikuwa kilo 44, zito kilo 56, jumla kilo 833. Gunia la wastani lilikuwa kilo 49, wala halikuwa la kilo 55 tuliyoitumia. Ukihesabu magunia, pungufu ni kama asilimia 11. Ukihesabu kilo, ni kilo 220 kutoka 1,053, yaani asilimia 21. Gunia halina uzito wake maalumu. Lina uzito wa mtu aliyelijaza. Kwingine utakuta lumbesa, limejengewa kichwa cha vijiti na majani juu, na kilo zake zinakaribia au kupita 70. Tanuri hilohilo lingeweza kuripotiwa limetoa magunia 12 bila mkaa kuongezeka wala kupungua.

Kilo 220 zilienda wapi? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko sehemu zote za kazi hii, kwa sababu tanuri lililofukuliwa linasomeka. Upande wa mbali na mdomo tulikuta vijinga, magogo meusi kwa nje na mti mzima ndani. Tulivipima kwa tepu ileile: kama mita za ujazo 0.45, sawa na kilo 290 za mti mkavu. Vingeiva vingetoa kilo 58. Kisha tulichekecha mchanga wa chini tukapata chenga kilo 45, mkaa halali uliovunjika ambao haupandi gunia. Zinabaki kilo 117, na upande wa kusini, chini ya pale palipobonyea, kulikuwa na majivu meupe mpaka kwenye kifundo cha mguu. Magunia mawili na zaidi yaliishia pale usiku mmoja.

Kwa hiyo tanuri hili lilitoa asilimia ngapi? Kilo 833 kwa 5,265 ni asilimia 15.8. Ukitoa vijinga, kwa kuwa vinarudi kwenye tanuri lijalo, ni 16.7. Ukiongeza na chenga, ni 17.6. Ukigawanya kwa uzito mbichi, inashuka hadi 11.7. Namba zote nne ni za kweli. Mimi huandika ya kwanza kwenye daftari, na zile nyingine naziweka pembeni zikiwa na maelezo yake.

Jambo moja la tahadhari kabla sijasahau: asilimia kubwa haimaanishi kazi nzuri kila mara. Tanuri likifukuliwa mapema, mkaa unakuwa bado na moshi ndani yake, na moshi huo una uzito. Kwenye mizani utafurahi. Jikoni mama atakaa na macho mekundu. Mkaa ulioiva ukiugonga unalia kama kigae, na ukiuvunja sehemu iliyovunjika inang'aa. Ule mbichi unatoa sauti ya mti na una rangi ya kahawia katikati. Vilevile ukiona mchomaji amemwagia maji ili kupoza, usipime siku hiyo, kwa sababu mkaa unanywa maji na mizani itahesabu maji hayo.

Kulikuwa na rundo la pili shambani, dogo zaidi. Tulilipima gogo kwa gogo: mita 6.3, ambazo ni kilo 4,095 za mti mkavu. Safari hii sikutumia asilimia 20. Nilitumia 17, kwa sababu magogo yalikuwa yamekaa wiki mbili zaidi na mzee aliamua kuipa kusi mgongo na kuchanganya udongo wa kichuguu kwenye kichanga. Inatoka kilo 696. Nikagawanya kwa kilo 49, gunia la mzee mwenyewe.

"Ngapi, bwana miti?"

"Kumi na nne, mzee."

Akafikiri kidogo, akachukua shazia na kitita cha kamba, akakata vipande 14 na kuvitundika kwenye mwembe.