Kwa nini mchicha haujazi pengo la maziwa

"Mtoto wangu ana mwaka na nusu, na daktari ametuambia asiguse maziwa kwa sababu ya mzio. Nyanya yake anasema tumpikie mchicha na spinachi kila siku, kwamba kalsiamu imejaa humo. Je, mboga hizo zinatosha?"

Hazitoshi, hata akizila kila siku. Sukuma wiki ina faida kubwa kuliko hizo mbili, omena waliosagwa wanazidi sukuma wiki, na juu ya hayo mtoto wa umri huo bado huhitaji kinywaji kimoja chenye kalsiamu. Jibu la nyanya nililiamini mimi pia kwa miaka mingi, nikawapa wazazi wengine kama ushauri, kwa kuwa nilisoma kiasi cha kalsiamu kilichomo kwenye jani bila kujiuliza ni kiasi gani kinachoingia mwilini.

Kuhusu mzio wenyewe nitasema machache. Mwili wa mtoto huzipiga vita protini za maziwa, hasa kaseini, na kaseini haiharibiki kwa kuchemshwa wala kwa kugandishwa. Kwa hiyo maziwa lala na mursik havimfai. Maziwa ya mbuzi, ambayo watu wengi hukimbilia, yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, na zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye mzio huu huyakataa pia. Mtoto anayevimba uso au kupumua kwa shida baada ya kula hupelekwa hospitali mara moja.

Sasa turudi kwenye jani. Mchicha na spinachi hutengeneza kwa wingi asidi iitwayo oksaleti, na oksaleti ikikutana na kalsiamu huishika kwa nguvu nyingi. Kinachopatikana ni chembe ngumu ambayo karibu haiyeyuki kabisa. Mtu anayeosha omena ameiona tofauti hii kwa macho yake. Chumvi iliyokuwa kwenye samaki hupotea ndani ya maji, huioni tena ingawa ulimi huitambua, lakini mchanga hutulia chini ya beseni hata ukikoroga mpaka mkono uchoke. Kalsiamu huvuka ukuta wa utumbo ikiwa imeyeyuka kama chumvi. Ile ya mchicha imegeuka mchanga ndani ya jani lenyewe kabla hujalichuma.

Au mfikirie abiria anayepanda feri ya Mbita. Mlango ni mwembamba, na anayefika mikono mitupu anapita. Aliyefungwa kwa kamba kwenye jiwe kubwa anabaki gatini, ingawa aliyehesabu watu waliofika gatini alimhesabu na yeye. Majedwali ya vyakula huhesabu waliofika gatini. Ndiyo maana mchicha unaonekana vizuri sana kwenye jedwali, na ndiyo maana kosa hili linawapata hata watu makini. Kuchemsha na kumwaga maji hakuliondoi tatizo, kwani maji huchukua oksaleti iliyo huru, ilhali kalsiamu iliyokwisha kufungwa hubaki imefungwa.

Jambo hili lilipimwa kwa binadamu. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani waliwalisha watu wazima spinachi ambayo kalsiamu yake ilikuwa imewekewa alama ili ifuatiliwe mwilini, wakaona kwamba takriban asilimia 5 tu ndiyo iliyofyonzwa, huku ya maziwa ikifikia karibu asilimia 28. Miaka miwili baadaye wakapima mboga ya jamii ya sukuma wiki, na hapo matokeo yakageuka: takriban asilimia 41 ilifyonzwa, zaidi hata ya maziwa. Sababu ni ukoo wa mmea. Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi, na ukoo huo hauweki oksaleti nyingi kwenye majani. Kanzira, inayouzwa sana magharibi mwa Kenya, ni wa ukoo huohuo. Mchicha na spinachi ni wa ukoo mwingine mmoja, na hata ile "spinachi" ya majani mapana na vikonyo vyeupe tunayonunua katika soko la Kibuye, ambayo kwa kweli ni ndugu wa bitiruti, imo katika ukoo huo wa oksaleti.

Lazima niongeze tahadhari hapa. Waliopimwa walikuwa watu wazima, si watoto wa mwaka na nusu, na mboga yao haikuwa sukuma wiki hasa ya bustani zetu. Kwa hiyo tarakimu hizi zinaonyesha tofauti kati ya mboga na mboga. Si kipimo kamili cha kinachotokea tumboni mwa mtoto wako. Ila tofauti yenyewe ni kubwa mno kupuuzwa. Gramu 40 za sukuma wiki iliyopikwa, yaani vijiko vitatu hivi vya mezani, zina karibu miligramu 60 za kalsiamu, na zinazoingia mwilini ni kama 25. Gramu 40 za spinachi zina karibu miligramu 54, na zinazoingia ni kama 3. Mchicha usitupwe, kwa kuwa una vitamini A na mambo mengine mema. Usihesabiwe tu kwenye kalsiamu.

Omena ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kalsiamu yao imo katika mifupa, na mifupa ya samaki wadogo hivyo huliwa yote. Mwaka 1998 watafiti walipima samaki wadogo wa Bangladesh wanaoliwa wazima, wakakuta kalsiamu yao inafyonzwa sawa na ya maziwa. Gramu 100 za omena wakavu zina zaidi ya miligramu 1,000. Mtoto hali gramu 100, bila shaka, lakini gramu 10 za unga wa omena humpa angalau miligramu 100, na unga huo hujificha vizuri ndani ya mboga au ugali laini.

Namna ya kuutengeneza ina siri zake chache. Chagua omena wanaong'aa rangi ya fedha, waliokaushwa juu ya nyavu au chanja, na uwaepuke wanaonuka uchachu au walio na mchanga mwingi, kwani hao mara nyingi wamekusudiwa chakula cha kuku. Waloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, uwaoshe kwa maji safi mara tatu au nne hadi beseni libaki bila mchanga, uwachuje, kisha uwakaange kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole kama biskuti. Ndipo uwatwange na kuwachekecha kwa chujio laini. Watu wengi hung'oa vichwa ili kupunguza uchungu. Ukifanya hivyo unatupa sehemu ya mifupa, kwa hiyo mimi huviacha. Samaki nao huweza kuleta mzio, basi siku ya kwanza mpe nusu kijiko cha chai asubuhi, siku ambayo hakuna chakula kingine kipya, ili umwangalie mchana kutwa.

Nitahesabu siku moja ya msichana wa umri kama wa mwanao, hapa Kisumu, ambaye mama yake niliketi naye jikoni tukapima kila kitu kwa mizani. Lengo letu lilikuwa miligramu 500 kwa siku, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na FAO kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Asubuhi alikunywa uji wa wimbi uliotokana na gramu 30 za unga, wenye karibu miligramu 100. Wimbi nao una kitu kinachoshika kalsiamu, kiitwacho faiteti, lakini hicho hulegea unga ukilowekwa na kuachwa uchachuke usiku kucha, na ndiyo sababu uji wake ulikuwa wa kuchachusha. Mchana alikula ugali, vijiko vitatu vya sukuma wiki vyenye miligramu 60, na vijiko viwili vya unga wa omena vyenye 100. Jioni alikula wali na maharagwe, ambayo yaliongeza kama 25.

Jumla ilikuwa 285. Huo ulikuwa mlo mzuri, uliopikwa kwa uangalifu, na ulifika zaidi kidogo ya nusu tu. Nalisema hili waziwazi kwa kuwa wazazi huambiwa kwamba chakula kizuri kitatosha chenyewe, nacho kwa tumbo dogo hivi ni nadra kutosha. Kama angekuwa bado ananyonya, maziwa ya mama yangemwongezea karibu miligramu 30 kwa kila mililita 100. Alikuwa ameacha, hivyo daktari wake alikubali kikombe cha mililita 200 cha maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, ya aina inayoandikwa miligramu 120 kwa kila mililita 100. Hapo zikaja 240, na siku ikafikia 525. Soya haimfai kila mtoto mwenye mzio wa maziwa, kwa hiyo uamuzi huo ni wa daktari. Asiyeiweza huandikiwa maziwa maalumu au dawa ya kalsiamu. Maziwa ya soya ya kutengeneza nyumbani hayajazi nafasi hii, maana kalsiamu yake ni kidogo sana.

Kilichotusumbua zaidi jikoni humo kilikuwa sufuria ya mboga ya watu wazima. Kwa desturi ya huku, mboga za kienyeji kama osuga, dek na apoth hutiwa maziwa au malai ili kulainisha ladha, na omena vilevile. Mtoto akichotewa kijiko kimoja humo, mzio hurudi na hakuna anayeelewa umetoka wapi. Tulitenga sufuria yake na mwiko wake. Samli pia tuliiondoa, kwani hubaki na protini kidogo, kisha tukasoma pakiti za mkate na siagi ya mimea, ambazo mara nyingi huwa na unga wa maziwa.

Jambo la mwisho ni kuhusu vipimo. Wazazi huomba damu ipimwe kalsiamu, majibu yanakuja mazuri, nao wanatulia. Lakini mwili hulinda kiwango cha damu kwa kuchota kalsiamu kutoka mifupani, hivyo damu inaweza kuwa sawa wakati mifupa inapungukiwa. Matege na vifundo vya mikono vilivyonenepa huonekana upungufu ukiwa umeendelea kwa muda mrefu, na huweza kumpata hata mtoto anayecheza juani kila siku. Kwa hiyo mweleze mtaalamu wa lishe kliniki kile mtoto anachokula, kwa gramu na vikombe, pamoja na kitabu chake cha uzito na urefu. Na kama ni soya, mwambie pia kama mnatikisa pakiti kabla ya kumimina, kwa sababu kalsiamu iliyoongezwa hutulia chini na kubaki humo.