Kichwa Kikisogea Ndani ya MRI

Tuseme watoto wa Bagamoyo waliowahi kuugua malaria kali wanapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha za MRI, pamoja na wenzao wasiougua, ili tulinganishe bongo zao. Kila mtoto hulala ndani ya mashine dakika kadhaa bila kupewa kazi yoyote, na ubongo mzima hupigwa picha kila baada ya sekunde 2 hivi. Picha hizo hazisomi mawazo, ingawa wazazi wengi huliuliza hilo kwanza. Hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu. Sehemu mbili za ubongo ambazo mawimbi ya mabadiliko hayo hupanda na kushuka pamoja huhesabiwa kuwa na muunganiko wa kiutendaji, hata zikiwa mbalimbali.

Mtandao maarufu zaidi wa sehemu zilizoungana hivyo ni ule ambao Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001, ambao shughuli zake hupungua mtu anapokazania jambo la nje. Vituo vyake viwili vikuu viko katikati ya ubongo, kimoja nyuma ya paji la uso, kingine kuelekea kisogoni. Umbali huo baina yao ndio unaotuponza.

Mwaka 2012 Jonathan Power na wenzake, pamoja na makundi mengine ya watafiti, walionyesha kwamba kichwa kikisogea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, sehemu zilizo jirani huonekana zimeungana kupita kiasi, na zilizo mbali huonekana zimelegeza uhusiano. Kompyuta huweza kuirudisha picha mahali pake, lakini haiondoi mabadiliko ya nguvu ya mawimbi yaliyoletwa na kusogea kwenyewe. Kwa hiyo, kama watoto waliougua hutulia kwa shida zaidi, mtandao wao utaonekana dhaifu, nasi tutaisingizia malaria.

Kipimo cha kawaida cha kusogea hujumlisha miondoko sita, mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka, kati ya picha moja na inayofuata. Mtoto akisogea milimita 0.10, 0.05 na 0.08 katika pande tatu, na kichwa kikizunguka radiani 0.002, 0.001 na sifuri, mizunguko huzidishwa kwa 50, yaani nusu-kipenyo cha kichwa kwa milimita, ikawa 0.10, 0.05 na sifuri. Jumla ni milimita 0.38. Kwa kikomo cha 0.5 picha hiyo inabaki. Kwa kikomo kikali cha 0.2 inatupwa.

Mimi hupendelea kikomo kikali, ingawa kina gharama yake: mtoto asiyetulia hubakiwa na picha chache mno, huondolewa katika utafiti, na pengine ndiye aliyeathirika zaidi na ugonjwa. Njia ya kukagua ni kuchora, kwa kila jozi ya sehemu, jinsi muunganiko wake unavyobadilika kadiri watoto wanavyosogea, dhidi ya umbali wa jozi hiyo. Mchoro ukiinama kadiri umbali unavyoongezeka, usafishaji wa picha haujatosha.